Utando kati ya Kurwa na Doto

Mwaka 2018 nilikuwa mkunga wa kliniki ya wajawazito katika hospitali moja ya wilaya, kando ya Ziwa Viktoria. Mama mwenye mimba ya wiki 13 alinipa karatasi ya altrasaundi iliyoandikwa kwa mkono: mapacha, mapigo ya moyo yapo, kondo moja. Mama mkwe wake alikuwa amekwishawapa majina. "Sista, hao ni Kurwa na Doto, wa kufanana kabisa."

Niliwarudisha chumba cha picha. Maneno "kondo moja" hayatoshi, kwa sababu makondo mawili yaliyojishikiza karibu huungana kingo yakaonekana moja. Na kufanana si kipimo: yai moja likigawanyika mapema, ndani ya siku tatu hivi, kila mtoto huweza kujijengea kondo lake. Tulichotaka kujua ni kama watoto hawa wanalishwa na kondo lilelile, na kama kila mmoja ana chupa yake ya maji.

Mpiga picha aliufuata utando unaowatenga hadi unapogusa kondo. Makondo yakiwa mawili, nyama ya kondo hupanda kidogo katikati ya utando, ukaona kama kabari ndogo. Hapa haikuwepo. Utando ulikuwa mwembamba kama uzi, umesimama juu ya kondo kama herufi T. Kwa hiyo chupa mbili, kondo moja la kweli. Kipimo hiki ni cha wiki 11 hadi 14. Baadaye kabari hufifia, na usipoitafuta katika wiki hizo utabaki kubahatisha. Niliandika kwa wino mwekundu juu ya kadi yake.

Kondo la pamoja lina mishipa inayounganisha damu ya watoto wawili. Kwa kawaida damu huenda na kurudi kwa usawa. Usawa ukivurugika, mmoja humpa mwenzake kuliko anavyopokea. Anayetoa hukojoa kidogo, na maji yake hukauka. Anayepokea hulemewa na damu, akakojoa sana, na chupa yake hujaa. Mama mkwe aliposikia hayo alisema bibi zake walikuwa wakisema pacha humfyonza mwenzake. Sikumpinga.

Ndiyo maana mjamzito alipangiwa picha kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16, wakati wenye makondo mawili huenda takribani kila wiki nne. Hupimwa kina cha maji ya kila mtoto, na kibofu cha kila mmoja hutazamwa. Hatari ni pale mmoja ana chini ya sentimita 2 na mwenzake zaidi ya 8. Wiki ya 20 wetu walikuwa na 3 na 6. Wiki ya 22 walikuwa 2.5 na 7, na kwa mara ya kwanza niliogopa, maana tiba yake, kuunguza mishipa hiyo kwa leza kupitia kamera ndogo tumboni, haikuwepo kwetu. Nilimwambia: tumbo likikua ghafla ndani ya siku chache, likikaza, au ukikosa pumzi ukilala, usingoje tarehe. Wiki ya 24 kina kilirudi kuwa 3 na 6. Vibofu vyote viwili vilionekana vimejaa, nikashusha pumzi.

Wiki ya 28 kimo cha tumbo kilikuwa sentimita 34, kama cha mtoto mmoja wa wiki 34. Hapo ndipo sababu ya mapacha kuwahi inaonekana kwa macho. Misuli ya mfuko wa uzazi iliyonyooshwa kupita kiasi huanza kukaza mapema, na mlango wake hulainika chini ya uzito. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Hata asiyepata uchungu, mwenye kondo la pamoja hupangiwa kujifungua karibu wiki ya 36. Wenye makondo mawili husubirishwa hadi ya 37.

Huyu hakufika huko. Wiki ya 33 alikuja usiku, tumbo likikaza kila dakika kumi. Daktari aliagiza deksamethasoni miligramu 6 kwa sindano kila saa 12, mara nne, kukomaza mapafu ya watoto, na dawa ya kutuliza kukaza kwa tumbo ili tupate saa 48 hizo. Tulizipata, na saa kadhaa zaidi. Kurwa alizaliwa na kilo 1.9, Doto 1.7, wote wakilia, wakapelekwa kufungwa kifuani kwa mama kama kangaruu.

Kondo lilipotoka niliosha, nikauinua utando dhidi ya taa. Ulikuwa angavu, na ukajitenga kwa vidole kuwa kurasa mbili tu, zisizo na chochote katikati. Chini yake, kutoka kitovu hadi kitovu, mshipa wa bluu wa unene wa njiti ya kiberiti ulivuka mpaka wa utando bila kusimama.