Nilivyokipata kizingiti kwenye takwimu za linksi

Kazini kwangu nachambua mfululizo wa takwimu, na kwa muda mrefu modeli ya kawaida ya kujirejea, ile inayoeleza thamani ya leo kwa thamani za jana na juzi, ilinitosha. Tatizo ni pale takwimu zinapopanda kwa mwendo mmoja na kushuka kwa mwendo mwingine kabisa. Modeli ya mstari mmoja haina namna ya kulieleza hilo. Kwa hiyo niliamua kujifunza modeli za kizingiti, zile zinazobadilisha mlinganyo thamani ikivuka mpaka fulani, na nikaanza na data ambayo mtu yeyote mwenye programu ya takwimu ya R anayo tayari kwenye kompyuta yake: `lynx`.

Linksi ni paka mwitu wa misitu ya Kanada. Data hiyo inaonyesha ni wangapi walinaswa kila mwaka katika eneo la Mto Mackenzie kuanzia 1821 hadi 1934, jumla ya miaka 114. Kabla ya hesabu yoyote nilizitazama namba zenyewe. Mwaka 1821 walinaswa 269, kisha 321, 585, 871, 1475, 2821, 3928, hadi 5943 mwaka 1828. Baada ya hapo 4950, 2577, 523, na 98 mwaka 1832. Kupanda kulichukua miaka saba, kushuka miaka minne tu, na mtindo huo unajirudia kwenye mizunguko mingi inayofuata. Modeli ya mstari mmoja yenye makosa ya mgawanyo wa kawaida huzalisha mfululizo ambao, ukiusoma kinyumenyume, kitakwimu ni uleule. Huu sivyo.

Mtakwimu Howell Tong ndiye aliyeanzisha modeli za kizingiti, na data hii ni mfano wake maarufu. Alichukua logi ya msingi 10 ya idadi, kisha akaandika milinganyo miwili badala ya mmoja. Ukichukua `x[t]` kuwa logi ya mwaka huu, modeli yake ni hii:

```
x[t-2] <= 3.25:  x[t] = 0.62 + 1.25*x[t-1] - 0.43*x[t-2]
x[t-2] >  3.25:  x[t] = 2.25 + 1.52*x[t-1] - 1.24*x[t-2]
```

Kizingiti 3.25 ni sawa na linksi 1778 hivi. Kinachoamua mlinganyo upi utumike ni hali ya miaka miwili iliyopita, na mkawio huo una mantiki yake. Linksi hula sungura wa theluji. Linksi wakizidi na sungura wakipungua, njaa haiwaangushi siku hiyohiyo. Athari huonekana baadaye, kwenye uzazi na vifo.

Nilitaka kuona modeli inafanya nini mwaka mmoja mmoja, nikachagua 1831, mwaka wa anguko. Mwaka 1829 walikuwa 4950, ambayo logi yake ni 3.69. Tumevuka kizingiti, kwa hiyo ni mlinganyo wa juu ya kizingiti, ule wa pili. Mwaka 1830 walikuwa 2577, logi 3.41. Hesabu ni 2.25 + 1.52 × 3.41 − 1.24 × 3.69, na ukitumia desimali kamili jibu ni 2.85, yaani linksi 714 hivi. Walionaswa kweli ni 523. Mlinganyo wa chini ya kizingiti, kama ungetumika kwa makosa, ungetabiri karibu 1970. Modeli ya mstari mmoja ambayo mtakwimu Moran aliichapisha mwaka 1953 kwa data hii inatoa kama 1020. Hapo ndipo nilipoona faida ya kizingiti kwa macho yangu: anguko lenyewe lina kanuni yake.

Kuna jambo lingine ambalo, kwangu, ndilo kiini cha modeli hii. Tafuta kituo cha kila mlinganyo, yaani thamani ambayo ungetulia kama ungeachwa peke yake bila mshtuko wowote. Wa chini: 0.62 gawanya kwa 0.18, ni 3.44. Wa juu: 2.25 gawanya kwa 0.72, ni 3.125. Sasa angalia: 3.44 iko juu ya kizingiti na 3.125 iko chini yake. Kila mlinganyo unausukuma mfululizo kuelekea eneo la mwenzake, na kabla haujafika kwenye kituo, kanuni inabadilika. Nikaiendesha modeli bila makosa ya nasibu, ikatulia kwenye mzunguko wa miaka tisa usiokoma: sita ya kupanda, mitatu ya kushuka. Modeli ya Moran ukiiendesha hivyo hivyo, mawimbi yanafifia mpaka yanakufa kwenye wastani.

Mwenzangu wa meza ya pili aliponichungulia akauliza swali ambalo kila mtu anapaswa kuuliza: "Sasa ndugu yangu, hiyo 3.25 imetoka wapi?" Nikamwonyesha jinsi ya kukitafuta kizingiti kwa msimbo mfupi. Unajaribu kila thamani iliyopo kwenye data kama kizingiti, unakadiria mlinganyo kila upande, unajumlisha miraba ya mabaki, yaani tofauti kati ya thamani halisi na ile ya mlinganyo, na unachagua penye jumla ndogo kuliko zote. Ncha mbili unaziacha, takriban asilimia 15 kila upande, ili pasiwe na upande wenye miaka michache mno.

```r
x <- as.numeric(log10(lynx)); n <- length(x)
y <- x[3:n]; a <- x[2:(n-1)]; b <- x[1:(n-2)]
r <- sort(b)[17:96]
s <- sapply(r, function(k) {
  j <- b <= k
  sum(resid(lm(y ~ a + b, subset = j))^2) +
  sum(resid(lm(y ~ a + b, subset = !j))^2)
})
r[which.min(s)]
```

Jibu ni 3.31, yaani 2042, si 3.25. Usishtuke. Chora `s` dhidi ya `r` na utazame bonde lake kabla ya kuamini namba moja. Kati ya vizingiti hivyo viwili kuna thamani chache sana: 1824, 1836 na hiyo 2042 yenyewe. Lakini tazama vigezo. Upande wa chini, wenye miaka 78, haukutikisika: 0.59, 1.26 na −0.43. Upande wa juu, wenye miaka 34 tu, umekuwa 1.17, 1.60 na −1.01, tofauti kubwa na ule wa Tong. Utabiri wa 1831 unatoka kama 760, si mbali na 714, na vituo viwili bado viko kila kimoja kwenye eneo la mwenzake. Ndiyo maana tabia ya modeli naiamini kuliko kigezo kimoja kimoja cha upande wa juu.

Swali gumu ni kuthibitisha kwamba kizingiti kipo. Jaribio la kawaida la F, linalopima kama modeli kubwa imepunguza mabaki kiasi cha kutosha, halifai hapa, kwa sababu kama kizingiti hakipo, basi hakuna `r` ya kukadiria, na wewe umeshachagua ile inayokupendelea kati ya themanini. Jedwali la F litakupa jibu la kukufurahisha mara nyingi kuliko inavyostahili. Njia aliyoieneza mwanaekonometria Bruce Hansen ni kuzalisha data bandia kutoka modeli ya mstari mmoja, kila moja uifanyie msako uleule wa kizingiti, kisha uone F yako inaangukia wapi kati ya F za data bandia. Inachukua dakika chache kwenye laptopu ya kawaida, na msako lazima urudiwe mzima kila mara. Ukitumia 3.31 hiyohiyo kwa data zote bandia, umerudi kwenye kosa la jedwali.