Kumbe ile T haikufa

Leo kwenye kipindi cha fonetiki mwalimu katuwekea grafu za Browman na Goldstein, wale wa fonolojia ya matamshi, nimetoka kichwa kinazunguka jamani.

Mtu anatamka kwa Kiingereza "pafekt memori". Akiyasema maneno mojamoja kwa kutua, T unaisikia vizuri. Akiunganisha haraka, T huisikii kabisa, na sisi tumezoea kuandika "imedondoshwa" tunasonga mbele.

Sasa walikuwa wamebandika vidoti kwenye ulimi na midomo wanavifuatilia kwa eksirei. Ncha ya ulimi ilipanda kama kawaida! Ila nyuma ulimi bado umeziba kwa K, na mbele midomo imeshafunga kwa M, hewa itokee wapi sasa? T imetamkwa, imefunikwa tu na majirani zake.

Nimekodolea macho kale kamstari ka ncha ya ulimi kalivyopanda, sauti ziro.

Ila si kila mara, kwa N inayogeuka M au NG vipimo vingine vinaonyesha ncha haipandi kabisa, hapo ndo usilimisho wenyewe, yaani sauti imegeuka kweli ifanane na jirani yake, na kwa sikio tu huwezi kutofautisha.

Wanaisimu wenzangu mnasemaje, tuendelee kuandika "imedondoshwa"?