Kukesha moja kwa moja, au kulala kwanza?

Kesha letu la Ijumaa huku Kondele huanza saa 3 usiku na kwisha saa 11 alfajiri. Mpaka saa 6 hakuna anayesinzia: kinanda kinalia, watu wanaruka, watoto wamelazwa juu ya leso nyuma ya viti. Kazi yenyewe huja saa 9. Sauti zimekauka, mwimbishaji anaanzisha pambio na waitikiaji ni wachache, na yale maombi marefu ya kupangwa vizuri yamekwisha. Hapo ndipo nimewasikia wazee wa kanisa wakisema tu, "Bwana, nisaidie." Naamini kesha limekusudiwa kutufikisha hapo, mtu achoke mpaka avuliwe maneno aliyokuja nayo.

Jirani yangu Mwislamu hutushangaa. "Mama, tahajudi, swala ya usiku, ni ya aliyelala akaamka," huniambia. "Nyinyi mnapigana na usingizi."

Yeye hulenga thuluthi ya mwisho ya usiku. Magharibi ikiingia saa 12 na dakika 40, na Alfajiri saa 11 na dakika 10, usiku una saa 10 na nusu, na kila thuluthi ni saa 3 na nusu. Basi ya mwisho inaanza saa 7 na dakika 40. Kwa mujibu wa hadithi ya Mtume, wakati huo Mola huuliza ni nani anayemwomba ili amjibu. Jirani huswali rakaa mbili mbili, kisha anamalizia kwa swala ya witri. Anasema akili huwa imetulia, na aya anayoisoma mchana bila kuisikia, saa hiyo humwingia.

Kumbe watawa wa Kikristo nao walipanga vivyo hivyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, inawataka wakati wa baridi waamke saa ya 8 ya usiku, wakiwa wamelala zaidi kidogo ya nusu ya usiku na chakula kimeshasagika tumboni. (Hilo la chakula lilinifurahisha. Sisi hukesha na chapati mbili na chai ya maziwa.)

Tena Mtume alisema anayesinzia katika swala akalale, kwa kuwa anaweza kudhani anaomba msamaha kumbe anajitukana. Kwetu shemasi hupita akigusa mabega ya wanaosinzia, na mdomo ukiendelea kusema "haleluya" kichwa kikiwa kimeanguka, tunahesabu kuwa ni maombi. Mimi sihesabu.

Niliwapa wanakwaya wenzangu wazo la kesha la kuanzia saa 8, watu wakiwa wameshalala. Wakauliza nani atatoka nyumbani saa hiyo, boda atadai pesa ngapi, na nani atawasindikiza akina dada. Sikuwa na jibu. Jirani yangu anaswali sebuleni kwake; sisi tukishaingia kanisani, hatutoki mpaka kukuche.