Dai chako kabla kamati haijavunjwa: nilivyoilisha chaneli kwa video za sendofu

Chaneli yangu inahusu Milima ya Uluguru: njia za miguu, wakulima wa mbogamboga wa Mgeta, viungo vya Kinole, maisha ya vijiji vya juu kule Morogoro. Ni kazi ninayoipenda, ila ni kazi inayokula nauli. Ili YouTube ianze kukugawia pesa za matangazo inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na saa zinazotoka kwenye vile vifupi watu wanavyovipitisha kwa kidole hazihesabiwi humo. Kwa chaneli ya milima, ambapo mtu anaangalia video moja ya dakika kumi na mbili akashukuru akaenda zake, safari hiyo ni ndefu. Nilikuwa na kamera na ninajua kuhariri. Nikaanza kupiga video za sendofu na harusi.

Jambo la kwanza la kuelewa kwenye biashara hii hapa Tanzania ni kwamba anayekuajiri si bibi harusi mtarajiwa. Yeye ndiye anayekuandikia meseji, anayekutumia mifano ya video alizozipenda, anayetaka taa za namna fulani. Anayelipa ni kamati. Kamati ina mwenyekiti, katibu na mhazini, inakaa vikao kila wiki, inasoma orodha ya ahadi za michango, na ina mstari mmoja kwenye bajeti ulioandikwa "picha na video". Ukishajua hilo, unabadilisha hata namna ya kuuza. Bei sipeleki kwa bibi harusi. Naomba namba ya mhazini, namtumia karatasi moja ya bei, na kama kikao ni mjini naomba dakika tano nikajieleze mwenyewe.

Na kamati ina tabia moja ambayo mpiga video mgeni haioni: inakufa. Sherehe ikiisha, baada ya muda wanakutana kuivunja, wanakula, wanasoma hesabu, wanapeana mikono. Ahadi ambazo hazikulipwa hadi siku ile hazitalipwa tena, maana hakuna anayechangia sherehe iliyokwisha pita. Kwa hiyo ukikubali kwamba "nusu utamalizia ukileta kazi", ile nusu unamdai nani? Mhazini atakwambia kwa upole kabisa kwamba daftari limefungwa. Bibi harusi yuko kwa mumewe na hakuwa na hela tangu mwanzo. Hakuna mtu mbaya hapo. Ni mfuko tu ambao haupo tena.

Kwa hiyo mimi nalipwa nusu ya bei siku ile tarehe inaposhikwa, na nusu ya pili iwe imeingia kabla ya Jumatano ya wiki ya tukio. Jumatano kwa sababu kikao cha mwisho mara nyingi ni mwanzoni mwa wiki hiyo, na ndicho kikao ambacho michango inamiminika. Alhamisi pesa imekwenda kwa mpishi na mpambaji. Mara nyingi mhazini huwa ni mama wa makamo, na mazungumzo huwa hivi:

"Mwanangu, sisi hatujawahi kumlipa mtu kazi yote kabla hajaifanya."

"Shikamoo mama. Naelewa. Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi: nisipofika ukumbini, narudisha yote, na jina langu na namba ya kitambulisho viko hapo chini."

Karatasi hiyo ina mistari michache. Tarehe na ukumbi, saa ninayofika na saa ninayoondoka, idadi ya kamera, kitu watakachopokea na lini, na nani atapokea. Mstari wa saa ya kuondoka una kazi yake. Sendofu iliyoandikwa saa kumi na mbili jioni huanza saa mbili usiku, na bila mstari huo utajikuta saa nane usiku unapiga video wajomba wanaocheza peke yao.

Niweke hesabu ya kazi moja ya kawaida. Bei ni shilingi 700,000 kwa kamera mbili. Kamera ya pili na lenzi yake nakodi kwa 70,000. Msaidizi ni 60,000, usafiri wa kwenda na kurudi usiku na vifaa ni 30,000, flashi mbili za kukabidhia kazi na vidogovidogo vingine 30,000. Jumla ni 190,000, inabaki 510,000. Hiyo si faida bado, kwa sababu kuhariri kunanikalia usiku wa karibu wiki nzima. Humo natoa 100,000 na kuitupia kwenye laini ya simu ambayo siitumii kwa jambo lingine: ndiyo nauli ya bodaboda ya kupandia Mgeta, chakula, na malipo ya mwenyeji wa kunionyesha njia. Sendofu moja inalipa safari moja ya chaneli na kuacha chenji.

Sasa ukumbini. Watu wanadhani kinachoharibu video ya sherehe ni kamera duni. Kwa ninavyoona mimi ni taa na sauti.

Taa kwanza. Kumbi nyingi zimejaa taa za rangi za bei nafuu, na umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa hizo zinapigapiga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona: mistari myeusi inapanda na kushuka juu ya gauni jeupe. Kamera nyingi zinakuja zimewekwa kwa mtindo wa Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, yaani fremu 30 kwa sekunde na shata ya 1/60. Ninachofanya ni kuingia kwenye menyu, kubadili NTSC, ndiyo huo mtindo wa Marekani, kuwa PAL, kisha kupiga fremu 25 kwa shata ya 1/50. Hapo kila fremu inameza mapigo mawili kamili ya taa na mistari hutulia. Kuna taa chache za jukwaani zenye mapigo yao ambazo hazitii hata hapo. Hizo nazitafuta mapema kwa kupiga ukuta mweupe wakati mpambaji bado anafunga vitambaa, halafu namwomba mwenye taa azizime angalau wakati wa keki.

Sauti ndiyo yenye maneno ya mzee, na maneno ya mzee ndiyo familia itakayoyarudia miaka kumi baadaye. Kipaza sauti cha juu ya kamera, ukiwa mita nane kutoka meza kuu, kinaokota spika, mwangwi wa bati na vijiko. Kwa hiyo nina rekoda ndogo ninayoichomeka kwenye mikseri ya dijei, kwenye tundu lililoandikwa REC OUT. Nafika mapema kuliko wageni, nampa dijei soda, na namwomba apige wimbo wa kuingilia kwa ukubwa uleule atakaoutumia kweli usiku, si ule wa majaribio. Hapo ndipo naweka kipimo, kilele kikigusa karibu desibeli -12, ili mshereheshaji akianza kupiga kelele kuwe na nafasi juu. Kisha navaa hedifoni na kusikiliza mwenyewe. Mshale wa kipimo unaweza kucheza vizuri kumbe waya unakoroma.

Lakini sauti ya mikseri pekee ni kavu. Ina maneno ya baba mzazi, haina vigelegele, maana vigelegele havipiti kwenye waya. Ndiyo maana kipaza sauti cha kamera nakiacha kikirekodi vilevile, na wakati wa kuhariri nakichanganya kwa chini. Baba anasema "nimekukabidhi", halafu ukumbi unalipuka. Ukikosa mlipuko ule, mama wa binti atakwambia video haina raha na hataweza kukueleza kwa nini.

Kukabidhi kazi nako kuna mtego wake. Flashi nyingi za dukani zinakuja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Sherehe ya saa mbili inapita hapo kirahisi. Ukibadili flashi kuwa exFAT tatizo linaisha kwenye kompyuta, ila luninga nyingi za zamani sebuleni haziisomi, na simu itakujia Jumapili. Naigawa video vipande vitatu: kuingia na utambulisho, nasaha na keki, zawadi na muziki. Kila kimoja ni MP4 chini ya GB 4, ndani ya FAT32 ileile. Watu wanapenda hivyo zaidi, kwa sababu shangazi anataka kipande cha zawadi tu.

Video hizi siziweki kwenye chaneli ya milima. Waliojiandikisha kuona korongo na kahawa hawaifungui sendofu ya mtu wasiyemjua. Halafu kuna nyimbo: ukumbi mzima unapigwa Bongo Fleva, na YouTube ikizitambua, mapato ya video hiyo yanakwenda kwa mwenye wimbo, au video inazuiwa kabisa. Mfano wa kazi naupandisha kwa mpangilio wa Unlisted, yaani anauona mwenye kiungo tu, kwa idhini ya wenye sherehe, na kiungo nakituma kwa wahazini. Saa zinazotazamwa humo hazihesabiwi kwenye zile 4,000, jambo ambalo halinisumbui, kwani kazi ya kiungo ni kuleta kikao kingine.

Kuna miezi ambayo vikao hukauka. Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, na Ramadhani Waislamu wamefunga. Mwaka 2025 vyote viliangukia Machi pamoja na Jumamosi zikawa tupu. Hapo ndipo nauza matangazo mafupi kwa biashara: video nne za wima, sekunde thelathini kila moja, zinazopigwa asubuhi moja, kwa 250,000. Mgahawa au duka la vitambaa huzitaka kwa ajili ya statasi na Instagram. Kampuni iliyosajiliwa ikikulipa itakata asilimia 5 ya kodi ya zuio, yaani unapokea 237,500, kwa hiyo uwe na TIN na udai cheti cha makato hayo, kwa sababu yanahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Mwenye biashara atataka kila kitu kiingie kwenye sekunde thelathini. Mimi namruhusu kitu kimoja kwa video, na namba ya simu mwishoni.

Chaneli ilivuka kiwango mwaka huu. Pesa ya matangazo haitumwi hadi ifike dola 100, na kwa watazamaji wangu hiyo bado ni miezi kadhaa ya kusubiri. Kwa hiyo wahazini wana namba yangu kama kawaida. Kilichobadilika ni Disemba: nimefunga Jumamosi mbili zisikodiwe na yeyote, kwani ni wakati ambao mvua hushusha maji kwenye maporomoko ya juu, na picha hizo nazitaka.