Mishanana sita kwa cherehani, mmoja kwa mkono

Mteja alikuja Jumatatu jioni na mfuko mweusi kutoka maduka ya vitambaa ya Kiyembe, akaumwaga juu ya meza yangu. Mita tisa za shifoni ya rangi ya chungwa lililoiva, na ndani ya karatasi peke yake, kipande kingine cheupe kama maziwa, kilichotumwa na ndugu yake aliye ng'ambo. Kuhingira, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ni Jumamosi huko Mbarara. Wasichana sita wa kumsindikiza bibi harusi wanataka mishanana ya rangi moja, lile vazi la kitambaa kinachopita begani juu ya sketi, na wa bibi harusi ni huo mweupe. "Mwanangu," akasema, naye ndiye shangazi wa bibi harusi, "sketi zipo tayari. Nataka hizi za begani tu. Lakini pindo liwe jembamba. Nikiona pindo pana kama la pazia, nitakurudishia."

Mimi ni mtu wa Bombo, mushanana sikuzaliwa nao. Nimeujua hapa Kampala kwa kuushona. Kile kipande cha begani hakina kola, zipu wala mikono. Ni kitambaa kitupu kinachopita begani na kuanguka, kwa hiyo kazi yote ya fundi iko kwenye ukingo. Na shifoni inaonyesha kila kitu: ukikunja sentimita mbili kama unavyofanya kwenye gauni la kitenge, ule mkunjo unaonekana kama mstari mzito wa rangi iliyokolea, na kitambaa hakianguki tena, kinaning'inia.

Kwanza nilichoma. Nilichomoa nyuzi mbili tatu kutoka kila kitambaa nikaziwashia kiberiti. Za chungwa ziliyeyuka zikawa tone gumu jeusi, kumbe ni poliesta. Za nyeupe zilinuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni. Hiyo ni hariri. Hapo hapo nikajua vitambaa hivi viwili sitavishona kwa njia moja. Poliesta ina ukaidi: ukiiviringisha kwa vidole inafunguka mara unapoachia, na pasi ya moto mkali inaiyeyusha. Hariri inatii kidole, ila haipendi maji. Tone moja linaweza kuacha alama.

Mita tisa nilizigawa vipande vitatu vya mita tatu, kila kimoja nikakipasua katikati kwa urefu. Upana ulikuwa mita moja na nusu, kwa hiyo kila msichana akapata mita tatu kwa sentimita sabini na tano. Ule ukingo wa kiwandani niliukata wote. Wengi wanauacha ili kuokoa kazi, lakini umefumwa kwa kubana kuliko kitambaa chenyewe, na baada ya kufua mara moja unavuta upande mzima. Mkato haukufuata chaki. Nilivuta uzi mmoja wa kitambaa mpaka ukaacha mstari mwembamba, nikakata juu ya mstari huo, kitambaa kikiwa kimelala juu ya karatasi nyeupe na karatasi yenyewe ikikatwa nacho. Gazeti usitumie, wino unahamia.

Shida ilikuwa ncha ya nyuma. Shangazi aliitaka imekatwa mshazari, ianguke kama ulimi. Mkato wa mshazari unavutika kama mpira, na ndipo nilipoaibika.

Nina mguu wa cherehani wenye konokono, kile kijichuma kilichojipinda mbele kinachokunja kitambaa chenyewe huku sindano ikishona. Kwenye pamba nyepesi kinafanya kazi kama uchawi. Kwenye upande ulionyooka wa mushanana wa kwanza kilienda vizuri, maana niliweza kuona makosa yanapoanza: ukingo ukizidi kusogea kulia, kitambaa kingi kinaingia kwenye konokono, pindo linajaa na kufura; ukisogea kushoto, kinaingia kidogo mno, na ukingo mbichi unachungulia pembeni kama ndevu. Unarekebisha kwa kidole, milimita moja huku, milimita moja kule. Lakini nilipofika kwenye mshazari, meno ya cherehani yalivuta chini na konokono ikazuia juu, kitambaa kikavutika katikati yao. Nilipokitoa, ile ncha iliyotakiwa kuanguka kama ulimi ilikuwa na mawimbi kama jani la sukuma wiki. Pasi haikusaidia kitu. Nilikaa saa nzima na wembe nafumua mshono wa urefu wa mkono wangu, na kila tundu la sindano lilibaki linaonekana. Ikabidi nikate kipande hicho chote na kuchora ulimi upya, mfupi kwa vidole vinne kuliko nilivyopanga. Zile ncha tano nyingine nikazifupisha zilingane, nikanyamaza.

Usiku ule nikarudi kwenye njia ya kupita mara tatu, ambayo naijua tangu zamani na naichukia kwa sababu ya muda. Kabla ya hapo nikapika wanga wa muhogo, mwepesi kama maji ya kunde, nikapaka kwa sponji ukanda wa vidole vinne kando ya ukingo wote, nikaacha ukauke. Shifoni iliyopakwa wanga inakuwa kama karatasi. Haitelezi, haivutiki, na baadaye wanga unatoka kwa maji baridi. Jaribu kwanza kwenye kipande cha taka, maana kuna rangi zinazochuja.

Mara ya kwanza unashona mstari mmoja milimita sita kutoka ukingoni. Mstari huo haufungi kitu, kazi yake ni kukuonyesha pa kukunjia na kuuzuia mshazari usivutike. Kisha unakunja upande wa ndani pale pale kwenye mstari, unapiga pasi ya uvuguvugu, unashona mara ya pili karibu kabisa na mkunjo, milimita moja tu. Halafu unachukua mkasi mdogo wenye ncha na kupunguza kitambaa kilichobaki mpaka kiguse mshono. Hatua hii ndiyo inayoamua pindo litakuwaje. Ukiacha milimita mbili, pindo linakuwa nene na ndevu zitatoka. Ukiingiza mkasi kwa haraka unakata mushanana wenyewe, na hakuna dawa. Mimi nakata nikiwa nimekaa mlangoni mchana, si usiku chini ya taa, kitambaa kikiwa kimelala kwenye kidole cha shahada ili nihisi ubapa wa mkasi unapita wapi. Mwisho unakunja mara nyingine, ule ukingo uliokatwa ukafungwa ndani, na kushona mara ya tatu juu ya mshono wa pili. Nje unaonekana mshono mmoja, ndani miwili, na pindo lote lina upana wa milimita tatu hivi.

Cherehani yangu ni Butterfly ya miguu, na kwa kazi hii siibadilishi na ya umeme. Tundu la sindano kwenye bamba lake ni dogo na la mviringo, kwa hiyo shifoni haimezwi chini. Mashine zinazoshona zigizaga zina tundu pana, na kitambaa chepesi kinasukumwa humo mwanzoni mwa mshono na kugeuka fundo. Niliweka sindano mpya namba 9, mshono mfupi wa milimita mbili, na kila nilipoanza nilishika nyuzi zote mbili kwa nyuma nikizivuta taratibu. Sindano ikishachakaa utajua bila kuambiwa: inatoa sauti ya tap tap na kuvuta nyuzi, kitambaa kinakuwa na mistari kama soksi iliyonaswa.

Hesabu yake haifurahishi. Kila mushanana una ukingo wa karibu mita saba na nusu, mara tatu ni mita ishirini na mbili na nusu, mara sita ni mita mia moja thelathini na tano za kushona, kwa miguu. Nilimaliza Jumatano usiku. Umeme ulikatika mara moja nikatoa pasi ya mkaa, nikatandika kitambaa safi juu ya kila kipande kabla ya kupiga, maana cheche moja ya majivu kwenye shifoni inayeyusha tundu.

Ule mweupe sikuuweka kwenye cherehani kabisa. Wanga hauwezekani kwa sababu ya alama za maji, na bila wanga hariri ile ilikuwa inatiririka mezani kama uji. Nikafanya kama bibi yangu wa Bombo alivyokuwa akifanya mitandio: sindano nyembamba namba 10, uzi mmoja mfupi usiozidi urefu kutoka kidole mpaka kiwiko. Ukingo unakatwa safi kidogo kidogo, urefu wa shibiri tu mbele yako, ili usichakae kabla hujaufikia. Unalowesha kidole gumba kidogo sana, unauviringisha ukingo kati yake na kidole cha shahada mpaka uwe kama uzi mnene. Sindano inachukua uzi mmoja tu wa kitambaa chini ya mviringo, kisha inaingia ndani ya mviringo wenyewe na kusafiri nusu sentimita, inatoka, inachukua uzi mmoja tena. Mishono mitano au sita unaiacha imelegea, halafu unavuta uzi taratibu, na mviringo unajifunga wenyewe. Kuuona ukijifunga, hata baada ya miaka hii yote, bado nasimama kidogo kutazama.

Ukivuta sana pindo linakusanyika. Lilaze mezani, likiinuka badala ya kulala, legeza. Kwenye pembe unakata kichwa kidogo, unakunja ncha ndani, unaviringisha upande wa pili juu yake na kufunga kwa mishono miwili midogo. Nilikuwa naenda mita moja kwa saa, pengine pungufu. Alhamisi yote ikaisha hapo, pamoja na chai mbili zilizopoa.

Ijumaa asubuhi shangazi alikuja akiwa na haraka, gari linamsubiri. Alishika ukingo wa rangi ya chungwa, akapitisha kidole, kisha mweupe. Pindo la cherehani ni bapa na linakwaruza kidogo. La mkono ni la mviringo na laini, lina uzito wake kidogo unaolifanya lianguke lenyewe. Hakusema neno kuhusu ncha zilizofupishwa.

"Huu," akasema, bado ameshika mweupe, "naweza kupata mwingine kwa ajili ya mama yake?"

"Lini, shangazi?"

"Leo."

Nikamfungia mfuko wake, nikamwambia gari linapiga honi.