Nilivyochagua tairi na unene wa chuma cha wilibaro ya kubebea mawe Kisoro

Nilipokuwa nasomba mawe ya msingi wa nyumba huku Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, nilihitaji wilibaro itakayobeba takriban kilo 100 kwa mkupuo juu ya ardhi iliyojaa mawe ya volkano yenye kingo kali. Dukani nilikuta za tairi gumu la mpira mtupu na za tairi la upepo lenye tyubu.

Muuzaji alilisifu tairi gumu kwa kuwa halipati pancha, na hilo ni kweli. Hata hivyo, gurudumu la namna hiyo linapogonga jiwe, kishindo karibu chote hupanda kwenye ekseli, bolti, fremu na mabega ya anayesukuma. Tairi la upepo la 4.00-8, yaani lenye upana wa takriban inchi 4 juu ya ringi ya inchi 8, hubonyea juu ya jiwe na kulipita, na kwa upana wake halizami upesi kwenye udongo uliolowa. Nilichukua la upepo, lenye plai 4 badala ya 2; plai ni kipimo cha uimara wa tabaka za nyuzi ndani ya tairi.

Kwenye fremu ndiko nilikochukua muda mrefu, kwa sababu bomba jembamba na bomba nene, yakishapakwa rangi, hayatofautiani kwa macho. Nilimwomba muuzaji anivulie mpira wa mpini, nikapima ukingo wa bomba kwa kalipa. Yote yalikuwa na kipenyo cha milimita 32, lakini moja lilikuwa na unene wa milimita 1.2 na jingine milimita 2. Bomba la milimita 2 hustahimili kupindwa kwa takriban nusu zaidi, na uzito wake ni kama kilo 1.5 kwa mita badala ya 0.9. Kwa fremu inayotumia mita 4 za bomba, nyongeza haifiki kilo 2.5, nami naona hiyo ni gharama ndogo sana.

Mahali pa kuangaliwa zaidi ni pale miguu inapofungwa kwa bolti, kwa kuwa tundu lililotobolewa hupunguza chuma palepale panapobeba mzigo mzito. Rangi ikipasuka kwa mstari mwembamba kando ya bolti na kutu ikaanza kuchungulia, bomba limeanza kukatika. Fundi wa kuchomelea aliniwekea kipande bapa cha milimita 3 chini ya kila bolti ili mkandamizo usambae.

Upepo hujazwa kwa kiwango kilichochapwa ubavuni mwa tairi. Langu ni psi 30. Tyubu ikitoboka, huikagua kabla ya kuiziba: matundu mawili yaliyokaribiana huonyesha kwamba ilibanwa kati ya jiwe na ringi kwa sababu ya upepo mdogo, ilhali tundu moja huonyesha kitu chenye ncha, ambacho lazima kitafutwe ndani ya tairi kwa vidole kabla ya kurudisha tyubu.