Umeme Ulivyonifutia Kazi ya Jumamosi Nzima

Jumamosi ile niligawa porti za swichi ya Cisco ya shule yetu katika VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja: 1 hadi 12 nikaziweka VLAN 20 ya maabara, na 13 hadi 23 VLAN 10 ya ofisi. Kila kitu kilifanya kazi, nami nikaondoka nikijiona fundi. Usiku wa Jumapili umeme ulikatika, na asubuhi yake kompyuta zote zikawa zimejipa anwani zinazoanza na 169.254, dalili kwamba hazikupata anwani kutoka kwenye rauta.

Mwenzangu aliniambia swichi imeungua, tununue nyingine pamoja na UPS. Nilimwamini kwa saa mbili, nikabadilisha nyaya bure, na kilichonipoteza zaidi ni kwamba nilipoandika `show vlan brief` niliziona VLAN 10 na 20 zipo na majina yake, nikahitimisha kuwa usanidi ni salama. Ilinichukua muda, naona haya kusema, kutazama safu ya mwisho: porti zangu zote 23 zilikuwa zimerudi VLAN 1, ile ya kiwandani.

Siri yenyewe ni hii. Amri unazoandika huanza kutumika papo hapo, lakini hukaa kwenye `running-config`, ambayo imo ndani ya RAM na hufutika umeme ukikatika. Swichi ikiwaka husoma `startup-config`, iliyohifadhiwa kwenye NVRAM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, na yangu ilikuwa ya zamani. Orodha ya VLAN ilinusurika kwa sababu, kwa mpangilio wa kawaida wa swichi hizi, huandikwa yenyewe kwenye faili la `vlan.dat`. Ila porti ipi ni ya VLAN ipi, hilo linasubiri uhifadhi mwenyewe. Ukiiwasha upya swichi kwa amri ya `reload`, itakuuliza kama unataka kuhifadhi. Umeme hauulizi.

Kilichoniokoa ni uvivu. Jumamosi nilifunika tu kompyuta yangu bila kufunga dirisha la PuTTY, programu niliyoitumia kuiandikia swichi amri, na nilikuwa nimetazama `show running-config` kabla ya kuondoka, hivyo nilipopandisha ukurasa juu niliukuta usanidi wote. Niliunakili kwenye faili la maandishi, nikafuta kila mstari wenye `--More--`, nikaingia `configure terminal` na kubandika kipande kimoja baada ya kingine. Ilichukua kama robo saa. Siku hizi huandika `terminal length 0` kwanza, ili mistari hiyo isijitokeze kabisa.

Kisha nikaandika amri niliyoisahau:

```
copy running-config startup-config
```

Swichi itakuuliza jina la faili. Bonyeza Enter tu na usubiri uone `[OK]`. Mwenzangu bado alisisitiza UPS, kana kwamba betri haiishi. Sikumjibu. Niliuchomoa waya wa umeme wa swichi mbele yake, nikaurudisha, nikasubiri dakika chache iwake, kisha nikamwonyesha `show vlan brief`: porti 12 za maabara zilikuwa zimekaa VLAN 20.